Kijiko Kimoja cha Humusi Kina Kalori Ngapi? Anza na Mizani

Tafuta kwenye simu kalori za kijiko kimoja cha humusi. Utaletewa 25, kwingine 35, kwingine karibu 60. Si lazima kuwe na aliyekosea. Mmoja ametia maji mengi, mwingine amemimina tahini, lile rojo la ufuta, bila kuhesabu, na wa tatu kijiko chake ni kile cha kupakulia wali. Yai ni yai popote ulipo, lakini humusi ni mchanganyiko wa vitu vitatu vilivyopishana mno: gramu 100 za dengu zilizochemshwa zina kalori 164, gramu 100 za tahini zina 595, na gramu 100 za mafuta ya zeituni zina 884. Sogeza kidogo uwiano wa hivyo vitatu na kijiko chako kimeshabadilika. Namba ya kuaminika ni ile inayotoka kwenye sufuria yako mwenyewe, na kuipata kunataka mizani ya jikoni, kalamu na dakika kumi.

Neno "kalori" hapa ni lile linaloandikwa kcal kwenye pakiti. Pakiti nyingine huandika kJ peke yake; gawanya hiyo kwa 4.18 upate kcal.

Dengu, wala si ndengu

Kabla ya kuwasha jiko, tukubaliane majina. Ndengu, zile ndogo za kijani zinazoliwa na chapati kila mahali kuanzia Nakuru hadi Busia, si hizi. Dengu za humusi ni nene, rangi ya krimu, zina kinundu mbele kama mdomo wa kifaranga. Kwenye maduka ya Wahindi ya Kisumu na Nakuru utazikuta zikiitwa kabuli chana. Zina ndugu zao wadogo wa kahawia wenye ganda gumu lililokunjamana, kala chana, ambazo wakulima huziita desi. Hizo ndizo zinazopasuliwa na kusagwa kuwa unga wa dengu wa bajia. Zao hili si geni kwetu: Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro kimelifanyia utafiti kwa miaka mingi, kwa kuwa linavumilia ukame. Kwa humusi nunua kabuli. Ganda lake ni jembamba na husagika likapotea, ilhali desi hukuachia uji wa kahawia wenye chengachenga hata usage mpaka blenda ilie.

Ufuta nao huku magharibi mwa Kenya tunauita simsim, na kwa Kijaluo ni nyim. Tahini ni simsim iliyokaangwa ikasagwa mpaka mafuta yake yenyewe yakatoka na kuwa rojo. Ya chupa inapatikana kwenye supamaketi kubwa kwa bei ya kuumiza; ya kusaga nyumbani ni nafuu, na tutaifikia, maana ndiyo inayovuruga hesabu za watu wengi.

Vipimo tutakavyofanyia hesabu

Dengu kavu gramu 200
Tahini gramu 100
Mafuta ya zeituni gramu 40, yaani vijiko vikubwa vitatu
Maji ya limau gramu 60, malimau mawili ya wastani
Kitunguu saumu gramu 10, punje tatu
Maji baridi sana gramu 80
Chumvi gramu 6 na jira ya kusaga gramu 2

Kila kitu kimewekwa kwa gramu, hata maji na mafuta. Hii ni makusudi. Bakuli la blenda likikaa juu ya mizani, unabonyeza sifuri, unamimina, unasoma, unabonyeza sifuri tena. Huna haja ya kuosha vikombe wala kukisia mafuta yaliyogandia kijikoni. Mizani ya dijitali inayosoma gramu moja moja hadi kilo tano inatosha kabisa. Ile ya saa ya sokoni, inayoruka gramu 20 kwa 20, itakufaa kwa dengu lakini si kwa mafuta.

Kuchemsha

Loweka dengu usiku kucha kwenye maji mengi, angalau mara tatu ya kimo chake, kwa sababu zitavimba karibu maradufu. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya na nusu kijiko cha chai cha magadi, yale meupe laini yanayotiwa kwenye keki. Magadi huyafanya maji yawe kinyume cha uchachu, na hapo gundi inayoshikilia ganda na nyama ya dengu huyeyuka upesi. Usizidishe: ukifika kijiko kizima kwa gramu 200, humusi itakuwa na ladha ya sabuni ambayo limau halitaifuta.

Wanaopika Nakuru wasishangae dengu zikichelewa kuliko maelezo ya resipe za pwani au za ng'ambo. Mji uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kisumu, iliyo mita 1,130 hivi, huchemka karibu nyuzi 96. Tofauti inaonekana ndogo, lakini dengu zinaihisi. Kwenye sufuria ya kawaida tenga saa mbili, na kama dengu ni za zamani ongeza. Sufuria ya presha huondoa tatizo hilo lote: dakika 30 tangu ianze kupiga mluzi zinatosha kwa dengu zilizolowekwa. Dengu zilizokaa ghalani mwaka mzima huweza kugoma hata kwa presha, na hizo dawa yake ni kubadilisha duka.

Zimeiva lini? Chukua moja, iweke kati ya ulimi na kaakaa, ibonyeze bila kutumia meno. Ikisambaa kama kiazi kilichopondwa, epua. Ikiacha punje punje kama mchanga wa mto, rudisha motoni, maana blenda haitakuokoa. Usitie limau wala nyanya ndani ya maji ya kuchemshia. Uchachu hulikaza ganda, na utachoma makaa ya bure.

Zikishaiva zichuje, ziache kwenye chujio dakika tano, kisha pima. Gramu 200 kavu hurudi zikiwa kama gramu 450. Yako inaweza kuwa 430 au 470, kutegemea aina ya dengu na muda wa kuchemka. Andika namba uliyoiona. Ikiwa chini ya 400, kuna uwezekano mkubwa kwamba hazijaiva vya kutosha.

Kosa la dengu kavu na dengu zilizoiva

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika, na huharibika vibaya. Gramu 100 za dengu kavu zina kalori kama 378. Gramu 100 za dengu zilizochemshwa zina 164. Dengu ni zile zile. Kilichoongezeka ni maji, na maji hayana kalori. Kwenye programu za simu maneno hayo mawili hukaa jirani, na mtu mwenye haraka hugusa la kwanza.

Tuseme umepima gramu 450 zilizoiva, ukachagua "kavu". Programu itakupa kalori 1,701 badala ya 738. Umejiongezea karibu kalori 960 ambazo hazimo sufuriani, na kijiko ambacho, kama tutakavyoona kwenye hesabu, kina kalori 34 kitasomeka 54. Ukifanya kinyume, yaani ukaandika gramu 200 ulizopima zikiwa kavu halafu ukachagua "zilizochemshwa", utapata 328 tu, na kijiko kitashuka hadi 26. Kosa hili la pili ndilo baya zaidi kwa anayepunguza uzito, kwa sababu linafurahisha na hakuna anayelishuku.

Kanuni ni fupi: ukipima kavu, tumia namba ya kavu, ukipima zilizoiva, tumia ya zilizoiva. Kisha jihakikishie kwa kufanya zote mbili mara moja. Gramu 200 kavu ni kalori 756. Gramu 450 zilizoiva ni 738. Tofauti ya 18, ukiigawa kwa vijiko vyote vya sufuria hii, haifiki hata nusu kalori kwa kijiko. Namba mbili zikikaribiana hivyo, uko sawa. Zikipishana kwa mamia, kuna mahali umegusa mstari usio wake.

Dengu za mkebe zina mtego wao. Mkebe ulioandikwa gramu 400 una dengu kama gramu 240. Zilizobaki ni maji. Pima baada ya kuchuja, soma kalori kwenye lebo ya mkebe huo huo, na uangalie kama lebo inahesabu dengu zilizochujwa au pamoja na maji yake.

Kusaga

Ponda kitunguu saumu pamoja na chumvi, kikalishe ndani ya maji ya limau dakika kumi. Uchachu hupunguza ule ukali unaobaki kooni hadi kesho yake. Mimina hayo kwenye blenda, ongeza tahini, saga. Itakazana na kuwa kama udongo wa kufinyanga, na wengi hapo hudhani imeharibika na kukimbilia chupa ya mafuta. Subiri. Simsim iliyosagwa ikikutana na maji kidogo hushikana. Ikipata maji ya kutosha hulegea tena. Ongeza maji baridi kijiko baada ya kijiko huku ukisaga, na utaona rangi ikibadilika kutoka kahawia ya ugali wa wimbi uliochanganywa na mahindi hadi karibu nyeupe. Mtu aliyekimbilia mafuta kwenye hatua hii ameongeza kalori 119 kwa kila kijiko kikubwa, ilhali kazi hiyo ilikuwa ya maji.

Dengu zitiwe zikiwa bado na joto, kwa sababu zikipoa wanga wake hukaza na humusi hubaki na chembechembe. Saga dakika tatu hadi nne, ukisimamisha kukwangua kingo. Blenda ndogo ya juisi huchoka haraka na rojo zito. Gawa mara mbili, na uipumzishe ukisikia harufu ya waya. Mafuta ya zeituni yaje mwisho, sekunde kumi tu. Yale ya daraja la juu yakisagwa kwa kasi kwa muda mrefu huweza kutoa uchungu.

Sasa pima tena. Jumla ya vitu vyote ilikuwa gramu 748. Kwenye bakuli utapata pungufu kidogo, labda 730, kwa kuwa nyingine imebaki imeng'ang'ania visu vya blenda. Ile iliyobaki kwenye visu imeondoka na kalori zake, kwa hiyo kiwango cha kalori kwa gramu hakijabadilika. Gawa kwa 748, si kwa 730. Ila kama umeichemsha au kuikausha baada ya kuchanganya, mambo ni tofauti: hapo kilichopungua ni maji peke yake, na utagawa kwa uzito mpya.

Hesabu yenyewe

Tuchukue kitu kimoja kimoja. Namba za kila gramu 100 ni za jedwali la Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambalo ndilo programu nyingi za simu hulitumia.

Dengu zilizoiva gramu 450 zina kalori 738, protini gramu 40, mafuta gramu 12 na wanga gramu 123. Tahini gramu 100 ina kalori 595, protini 17, mafuta 54 na wanga 21. Mafuta ya zeituni gramu 40 yana kalori 354, na yote ni mafuta. Hakuna protini wala wanga hata chembe. Maji ya limau yana kalori 13 na wanga gramu 4. Kitunguu saumu kina 15 na wanga gramu 3. Jira, chumvi na maji tuyaache, hayasogezi chochote.

Jumla ya sufuria: kalori 1,715, protini gramu 58, mafuta gramu 106, wanga gramu 151. Ndani ya huo wanga, nyuzinyuzi ni kama gramu 43.

Gawa kalori 1,715 kwa gramu 748 upate 2.29 kwa kila gramu. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye kifuniko cha bakuli. Mengine yote yanatoka humo: gramu 100 ni kalori 229, gramu 30 ni 69.

Kijiko kikubwa cha kipimo, cha mililita 15, kikijazwa humusi na kusawazishwa kwa mgongo wa kisu, hubeba kama gramu 15. Kwa hiyo sufuria yetu ina vijiko 50 hivi, na kila kimoja kina kalori 34, protini gramu 1.2, mafuta gramu 2.1, wanga gramu 3, na katika huo wanga nyuzinyuzi ni karibu gramu 0.9.

Ukitaka kujikagua, zidisha protini kwa 4, mafuta kwa 9, wanga kwa 4, ujumlishe. Kwa sufuria hii utapata 1,790, zaidi ya 1,715 kwa kama kalori 75. Usianze kutafuta kosa. Nyuzinyuzi zimehesabiwa ndani ya wanga, lakini mwili haupati humo nishati kamili ya kalori 4 kwa gramu. Pengo la asilimia nne au tano ni la kawaida kwa chakula cha jamii ya kunde. Pengo la asilimia 20 ndilo la kutafuta kalamu nyekundu.

Angalia pia zinakotoka kalori hizo. Gramu 140 za tahini na mafuta ya zeituni, chini ya moja ya tano ya uzito wote, zinaleta kalori 949, zaidi ya nusu ya sufuria. Anayeita humusi chakula cha protini anatia chumvi. Kwa kijiko kimoja, zaidi ya nusu ya kalori ni mafuta, na ili upate gramu 12 za protini itabidi ule vijiko kumi, kalori 340. Ni mafuta mazuri, lakini mafuta.

Kijiko ni kijiko gani?

Kijiko cha mililita 15 kiko kwenye seti za vipimo za waokaji. Kile kilichoko droo ya jikoni kwako hakikutengenezwa na mtu aliyejali mililita. Vingine hubeba gramu 10 vikisawazishwa, vingine 18. Na nani husawazisha humusi? Inachotwa ikiwa na kilima juu, na kilima hicho kinaweza kuwa kizito kuliko kilichomo ndani ya kijiko. Gramu 25 hadi 30 kwa kijiko kilichofurika si ajabu, na hapo kalori 34 zimekuwa 57 hadi 69. Mtu aliyekula "vijiko vinne", akaandika 136, kwa kweli amekula kama 250.

Tiba yake ni kupima kijiko chako badala ya kukilaumu. Weka bakuli tupu kwenye mizani, bonyeza sifuri, chota vijiko kumi kwa namna unavyochota siku zote, bila kujirekebisha kwa kuwa unajitazama. Soma uzito, gawa kwa kumi. Ikitoka 22, basi kijiko chako ni gramu 22, na kwa humusi hii kina kalori 50. Namba hiyo itakutumikia mpaka kijiko kipotee.

Njia nyingine, ambayo wengi huiona rahisi zaidi mezani, ni kupima bakuli kabla na baada ya kula. Bakuli lilikuwa na gramu 412, sasa lina 340. Umekula 72, mara 2.29, ni kalori 165. Hapa hata ukichovya kwa kipande cha chapati bila kijiko, hesabu inakaa sawa.

Mafuta ya juu

Humusi ikipakuliwa hutengenezewa shimo katikati na kumiminiwa mafuta ya zeituni. Yanapendeza, na hayamo kwenye ile 2.29. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta hayo ni gramu 13.5, kalori 119, sawa na vijiko vitatu na nusu vya humusi yenyewe. Kama unamimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, weka sahani kwenye mizani kwanza. Mkono unaomimina huwa mkarimu kuliko unavyodhani.

Na tusidanganyane kwamba mafuta ya zeituni ni mepesi. Mafuta yoyote ya maji, ya alizeti, ya mahindi au ya zeituni, yana karibu kalori 9 kwa gramu. Tofauti yao ni aina ya mafuta, ladha na bei. Ukiweka ya alizeti, hesabu ya kalori haibadiliki hata kidogo. Humusi ndiyo itakayobadilika, na si kwa uzuri.

Tahini ya nyumbani na ile ya chupa

Simsim ya sokoni huja na mchanga. Itie kwenye karai la maji, koroga kwa mkono, ichote kwa chujio kabla haijatulia, mchanga ubaki chini. Rudia mpaka chini pawe safi, kisha anika ikauke kabisa. Kaanga kwa moto mdogo bila mafuta, ukikoroga bila kuacha, dakika tano hadi nane. Ikianza kutatarika na harufu kutoka, epua na uimwage kwenye sinia mara moja, kwa sababu sufuria moto huendelea kuikaanga. Ikiwa ya kahawia iliyokolea, uchungu umeshaingia.

Blenda za nyumbani nyingi hushindwa kuisaga bila msaada, ndiyo watu huongeza mafuta. Hapo hesabu hubadilika. Gramu 200 za simsim zina kalori 1,146. Ukiongeza gramu 30 za mafuta, unaongeza 265. Jumla 1,411 kwa gramu 230, yaani 613 kwa gramu 100. Hiyo si mbali na 595 ya chupa. Tatizo huja pale mtu anapoandika "tahini gramu 100", kisha akasahau kwamba yake ina gramu 60 za mafuta kwa kila 200 za simsim. Hiyo imefika kalori 645. Simsim isiyokobolewa pia ina uchungu kiasi na nyuzinyuzi zaidi, na humusi yake huwa na rangi ya vumbi. Ni sawa, ladha yake ina wapenzi wake.

Ya chupa, fungua na utazame: mafuta yamepanda juu, chini kuna tope gumu. Ukichota ya juu tu, umechukua karibu mafuta matupu, kalori zikaribie 800 kwa gramu 100, na wiki ijayo utapambana na jiwe. Koroga mpaka chini kabisa kwa kisu kirefu kabla ya kupima. Kuigeuza chupa kichwa chini usiku kucha husaidia sana.

Wapo wanaoweka siagi ya karanga badala yake, kwa kuwa karanga zimejaa kila soko la magharibi. Kalori zitabaki pale pale, maana siagi ya karanga nayo iko karibu 590, na protini itapanda kidogo. Itakuwa rojo tamu la dengu na karanga. Humusi haitakuwa.

Ukitaka kijiko chepesi

Kuna njia mbili, na hazifanani. Ya kwanza ni kuongeza maji. Ongeza gramu 100 za maji ya kuchemshia dengu, ambayo yana wanga kidogo na huishikilia humusi isitengane. Uzito unakuwa 848, na kijiko cha gramu 15 kinashuka hadi kalori 30 hivi. Lakini sufuria nzima bado ina zile zile 1,715 na ushee. Ukila vijiko zaidi kwa sababu ni nyepesi, umerudi ulikotoka.

Ya pili ni kuondoa mafuta ndani na kuacha tahini. Toa zile gramu 40 za zeituni: kalori 1,361 kwa gramu 708, kijiko ni 29, na sufuria imepungua kweli kwa 354. Tahini yenyewe ina mafuta ya kutosha kuifanya laini, mradi umeipa maji yake. Kama ni lazima nipunguze kitu, mimi ningepunguza hapa na kuacha kijiko kimoja cha chai cha zeituni juu, ambapo ulimi unaionja, kuliko kukiacha kipotee ndani ya dengu. Kupunguza tahini ningeliacha mwisho kabisa. Chini ya gramu 60 kwa sufuria hii unabaki na dengu za kupondwa zenye limau. Na anayeongeza tahini hadi gramu 200 ajue kijiko chake sasa ni 41.

Usisahau kinachobeba humusi kwenda mdomoni. Chapati ya unga gramu 60 na mafuta gramu 10 ni kalori 300, sawa na vijiko tisa vilivyosawazishwa. Karoti na tango karibu hazihesabiki.

Kwenye friji humusi hukaa siku nne. Kisumu, joto likipanda na umeme ukikatika mchana, ihesabu kwa saa na si kwa siku: ikikaa nje zaidi ya saa mbili, usiirudishe. Ikiganda usoni na kuwa ngumu, mafuta na wanga vimekaza kwa baridi. Ilegeze kwa kijiko cha maji ya moto na uikoroge. Yale maji yaandike kwenye ile karatasi ya kifuniko, kwa sababu 2.29 imeshashuka kidogo.